Kabla Hujabonyeza "Nakubali": Kusoma Sera ya Faragha ya Apu ya Mkopo

Sera ya faragha ya apu ya mkopo huwa ndefu, mara nyingi kwa Kiingereza cha mawakili, na anayeifungua ana shida ya pesa leo, si wiki ijayo. Si lazima uisome yote. Tafuta majibu matatu: wanachukua nini kwangu, wanampa nani, na mimi nimebaki na haki gani. Yaandike kwa maneno yako kwenye nusu karatasi.

Fungua sera kwenye kivinjari cha simu, bonyeza vitone vitatu vya pembeni, chagua "Find in page", kisha andika "contacts". Baada ya hapo tafuta "SMS", halafu "share", halafu "retain". Maneno hayo manne hukufikisha kwenye aya zenye uzito.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Nakuru anayetaka shilingi 8,000 za vitambaa. Sera inamwambia kwamba kampuni inaweza kukusanya taarifa zilizo kwenye kifaa chake, ikiwemo orodha ya majina na namba, ujumbe mfupi na mahali alipo, ili kupima uwezo wake wa kulipa na kwa madhumuni mengine ya biashara. Kwenye karatasi yake anaandika: "Wanasoma SMS zangu, hata za M-Pesa. Wanajua nilipo. Wanachukua namba za watu wote kwenye simu yangu. Sababu moja wameitaja, nyingine hawakuitaja." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Neno "ikiwemo" lina maana kwamba orodha haijaisha, na "madhumuni mengine" ni mlango ulioachwa wazi. Muhtasari mzuri huandika pia kile ambacho sera imekinyamazia.

Sasa tazama zile namba. Humo yumo mama mkwe, mwalimu wa mtoto, na mteja ambaye bado hajalipia gauni lake. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba mkopo wala kukubali lolote, na fundi hawezi kukubali kwa niaba yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamlinda kila mmoja wao kama inavyomlinda yeye. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinakataza mkopeshaji wa kidijitali kuchukua namba za watu kwenye simu ya mkopaji ili awatumie ujumbe deni linapochelewa. Google nayo, tangu 31 Mei 2023, hairuhusu apu za mikopo binafsi zilizo kwenye Play Store kufikia orodha ya namba wala picha. Kwa hiyo apu ya mkopo ikikuomba ruhusa ya namba zako, ikatae, kisha angalia kama kampuni hiyo imo kwenye orodha ya wakopeshaji wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu.

Kwenye "share", tofautisha anayetajwa na asiyetajwa. Taarifa za mkopo kupelekwa CRB ni jambo linalojulikana na lina sheria yake. "Washirika wetu" bila jina ni jambo jingine: andika "hawajulikani". Kwenye "retain", wakisema watakaa na taarifa "kwa muda unaohitajika", andika "muda haukutajwa".

Haki zako hazifutwi kwa kubonyeza "Nakubali". Unaweza kuiomba kampuni nakala ya taarifa zako bila malipo, nayo ina siku 7 za kukujibu. Unaweza kudai kosa lisahihishwe, au kisichohitajika tena kifutwe, na hapo ina siku 14. Lakini kuna mipaka. Ukiondoa idhini yako leo, deni linabaki palepale, na kumbukumbu ambazo sheria inaitaka kampuni izitunze hazifutwi. Kuondoa apu kwenye simu pia hakufuti kilichokwisha kupelekwa kwenye kompyuta zao. Andika barua pepe ya kudai, utaje namba ya simu uliyojisajili nayo.

Wakikunyamazia, au mama mkwe akipokea ujumbe kuhusu deni lako, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Mama mkwe anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu namba iliyotumiwa ni yake. Asiufute ujumbe huo. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa. Nawe hifadhi nakala ya sera siku ile ile unayojisajili, kwa kuwa kampuni huibadilisha, na utakayoikuta mwezi ujao huenda isiwe ile uliyoikubali.