Umepoteza Baruapepe, na Huduma Bado Inakukata Pesa Kila Mwezi?

Chukua mfano wa mteja wa Umoja Innercore. Mwaka 2021 kijana wa saiba alimfungulia Gmail, naye akaitumia kujiunga na huduma ya sinema, akilipa kwa kadi ya mtandaoni. Nywila iliandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikapotea. Laini aliyoisajili nayo pia hana tena. Lakini kila tarehe 5, Ksh 700 zinaenda.

Zinaenda kwa sababu makato yanafuata kadi. Baruapepe ni ya kuingilia tu. Hata Gmail yenyewe ikiwa haipo tena (tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2), makato hayasimami. Kufuta app kwenye simu pia hakusaidii.

Kwanza, tafuta kifaa ambacho bado kiko ndani ya akaunti: simu ya zamani, tivi ya sebuleni, ama simu ya mtoto. Ukikipata, tafadhali usiguse "Sign out". Ukishatoka, utaombwa nywila, na kiungo cha kuibadilisha kitatumwa kwa baruapepe ileile usiyoweza kuifungua. Ukiwa bado ndani, fungua "Account", kisha tafuta sehemu ya malipo au "Cancel". Huduma nyingi zitakuacha uendelee kutazama hadi siku ulizolipia ziishe, kwa hivyo usishtuke ukiona sinema bado zinacheza. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe ya mwisho.

Kama hakuna kifaa kilichobaki ndani, andikia huduma kwa wateja ya kampuni ya sinema kupitia tovuti yao wenyewe. Namba za kwenye komenti za Facebook achana nazo. Wape jina lako, tarehe na kiasi cha makato mawili au matatu ya mwisho, na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Yote haya utayapata kwenye jumbe zako za malipo na kwenye kadi yenyewe. Kwa hayo wanaweza kuitafuta akaunti bila baruapepe. PIN yako na zile tarakimu 3 za siri za kadi hazihitajiki. Anayeziuliza ni tapeli.

Wakikawia na tarehe 5 inakaribia, funga kadi. Hiyo inazuia pesa kutoka, lakini usajili wenyewe bado uko hai upande wao. Watajaribu kukata tena, na ukifungua kadi wiki ijayo ili ulipie kitu kingine, Ksh 700 zinaweza kuchomoka hapohapo. Kwa hivyo iache imefungwa mpaka wakuthibitishie kwa maandishi kuwa usajili umefutwa, kisha ukague jumbe zako tarehe 5 ya mwezi unaofuata.