Printa ya Leza Kwenye Fremu Ndogo: Vidokezo vya Kupata Hewa Safi

Msimu wa mitihani ukifika, au dirisha la maombi ya mikopo ya chuo likifunguliwa, printa ya steshenari haipumziki. Wateja wamejaa mlangoni, kioo kimefungwa ili kiyoyozi kipoze, na mhudumu amekaa mita moja kutoka kwenye mashine tangu asubuhi. Ikifika saa tisa alasiri koo linawasha na macho yanachoma. Mambo mengi ya kurekebisha hapo hayana gharama kubwa, ila inabidi kujua kinachotoka kwenye mashine ni nini.

1. Usivichanganye vitu vitatu

Printa ya leza hutoa ozoni, vumbi la tona, na chembe ndogo mno zisizoonekana. Ozoni ni gesi inayozaliwa pale umeme wa volti nyingi unapochaji dramu, na harufu yake ni ile kali inayosikika baada ya radi kupiga karibu. Tona ni unga wa plastiki uliotiwa rangi. Punje yake ina upana wa mikromita 5 hadi 10, wakati unywele wa binadamu hufika kama 70. Mashine nzima ikiwa safi, tona nyingi hubaki ndani ya katriji na kwenye karatasi.

Hizo chembe ndogo ndizo zinazosahaulika. Fyuza huyeyusha tona kwa joto la karibu nyuzi 200, na joto hilo hufukuza mvuke kutoka kwenye tona, karatasi na vipuri vyenyewe. Mvuke ukikutana na hewa ya baridi hugeuka matone madogo ajabu, kama mvuke wa birika unavyogeuka ukungu mdomoni mwake. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Lidia Morawska, walipima printa 62 maofisini. Nyingine hazikutoa chochote cha maana. 17 zilitoa chembe kwa wingi. Kwa hiyo printa mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana kwa kile unachovuta puani.

2. Piga hesabu ya chumba chako

Chukua fremu ya mita 3 kwa 2.5, dari ikiwa mita 2.5. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 19. Lebo ya mazingira ya Ujerumani, Blauer Engel, huiruhusu printa ya rangi nyeusi pekee kutoa ozoni isiyozidi miligramu 1.5 kwa saa. Tuseme yako inafika hapo hapo.

Milango ikiwa imefungwa, na hewa yote ya chumba ikibadilika mara moja kwa saa mbili, ozoni ya printa ingeweza kupanda hadi mikrogramu 158 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 100 kwa wastani wa saa nane. Kwa kweli haitafika juu hivyo, maana ozoni huvunjika ikigusa kuta, nguo na karatasi. Sasa weka feni ya kutolea hewa inayosukuma mita za ujazo 200 kwa saa: hewa inabadilika mara kumi na zaidi kwa saa, na ozoni ya printa inashuka hadi mikrogramu 7 au 8. Feni hiyo hiyo inaondoa na zile chembe, ambazo hazivunjiki upesi kama ozoni. Ndiyo maana pesa ya kwanza ningeiweka kwenye feni kabla ya kufikiria kununua printa nyingine.

3. Kiyoyozi hakileti hewa mpya

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida huvuta hewa ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha humo humo. Feni ya mezani nayo huzungusha tu. Ubaridi unapatikana, lakini ulichovuta saa nne ndicho unachovuta saa saba.

Funga feni ya kutolea juu ya ukuta, upande wa mashine, kisha acha nafasi ya hewa kuingia upande wa pili, chini kidogo. Bila nafasi hiyo feni itazunguka bure. Jaribu hivi: feni ikiwa inafanya kazi, ning'iniza kipande cha karatasi ya chooni kwenye mwanya wa mlango. Kikivutwa ndani, hewa inapita. Kikitulia, fungua zaidi au safisha mapanga ya feni na nyavu za mbu, kwa kuwa nyavu zilizojaa vumbi huziba kabisa.

4. Tazama mashine inapumulia wapi

Weka kiganja pembeni na nyuma ya printa inapochapa. Kuna sehemu utasikia joto likitoka. Tundu hilo lisielekee uso wako wala kiti cha mteja anayesubiri, na lisibanwe na ukuta au rimu za karatasi. Ligeuze lielekee feni. Kusogeza kiti nako kunasaidia sana.

5. Kujaza katriji kusifanyike kaunta

Vumbi jeusi kwenye fremu nyingi halitoki kwenye kuchapa, linatoka kwenye kujaza tona. Chupa inafunguliwa, unga unamiminwa, katriji inatikiswa, na wingu linatua kwenye meza, simu na chapati ya mtu. Kajazie nje, pasipo upepo, juu ya gazeti, ukiwa na glavu na barakoa aina ya N95. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Katriji iliyojazwa mara nyingi hulegea mihuri na kisu cha kukwangulia tona. Dalili ziko wazi: karatasi inatoka na michirizi au madoa yanayojirudia kwa umbali ule ule, na ukifungua mfuniko unakuta unga umetapakaa. Ukiona hivyo, katriji imefika mwisho, ibadilishe.

Tona ikimwagika, usifagie wala kupuliza kwa mdomo. Usitumie pia mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi, kwani punje hupenya kichujio na kurudi hewani. Pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi, ukikunje kila mara. Maji ya moto hulainisha plastiki ikashika kwenye ngozi na nguo. Ndani ya printa tumia kitambaa kikavu, baada ya kuizima na fyuza kupoa.

6. Mashine kuukuu ya fotokopi ina mambo yake

Mashine nyingi mpya huchaji dramu kwa rola, na ozoni yake ni kidogo. Zile kubwa za zamani, zinazoingia kama mitumba, mara nyingi hutumia waya wa kuchajia, na hutegemea kichujio cha mkaa kuivunja ozoni. Muulize fundi kichujio hicho kilibadilishwa lini. Mara nyingine utakuta kilishatolewa. Waya ukichafuka, ozoni huongezeka. Wala usitegemee pua ikuonye mchana kutwa, maana huizoea harufu mapema. Toka nje dakika kumi, urudi, unuse upya mlangoni.

7. Sikiliza kifua

Mwenye pumu asikae karibu na mashine inayochapa mfululizo. Apewe kazi ya upande wa kuingilia hewa. Kikohozi kikikushika siku za kazi na kukuachia siku ya mapumziko, nenda hospitali, na umweleze daktari unakaa na mashine gani, saa ngapi kwa siku, na nani hujaza tona.