Kupima Chumvi Katika Maji ya Kunywa, na Mipaka ya Kipimo Chenyewe

Mita ya TDS, ile yenye umbo la kalamu ambayo siku hizi hupatikana madukani, haipimi chumvi iliyoyeyuka kama jina lake linavyodai, bali hupitisha umeme hafifu baina ya vijiti viwili vilivyo nchani mwake, kisha, kwa kadiri maji yanavyoupitisha umeme huo, hukisia ni chumvi kiasi gani iliyomo. Kwa sababu hiyo, tangu nianze kupima maji ya kisima chetu kilicho karibu na pwani ya Unguja, nimependelea mita inayoonyesha pia upitishaji wenyewe wa umeme, ulioandikwa µS/cm, maana hiyo ndiyo nambari iliyopimwa, na ile ya TDS ni nambari iliyozaliwa nayo.

Tofauti hii ina maana kubwa. Maji ya 1,400 µS/cm yataandikwa 700 na mita inayozidisha kwa 0.5, na 980 na ile inayozidisha kwa 0.7, ilhali maji ni yale yale. Basi majirani wawili wenye mita mbili wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya kisima kimoja, wasijue kwamba wamehitilafiana katika hesabu, si katika maji.

Namna ya kupima ni hii. Suuza kikombe safi mara tatu kwa maji yale yale utakayoyapima, kisha uyaache kivulini mpaka joto lake lilingane na la chumba, kwani upitishaji wa umeme hupanda kwa takriban sehemu mbili katika mia kwa kila digrii moja, na ingawa mita nyingi husahihisha nambari iwe kama ya digrii 25, zahitaji muda wa kulihisi joto hilo. Tumbukiza ncha mpaka kwenye alama, koroga taratibu na kuigongagonga ili mapovu ya hewa yaliyonaswa yatoke, maana mapovu hupunguza nambari, kisha ngoja itulie. Mara kwa mara ihakikishe mita yako kwa mmumunyo wa kloridi ya potasiamu unaouzwa ukiwa umeandikwa 1,413 µS/cm, wala usiurudishe chupani mmumunyo uliokwisha kutumika.

Sasa nieleze kisa cha kisima chetu. Asubuhi, kabla ya pampu kuwashwa, maji yalisoma 900. Alasiri, baada ya pampu kufanya kazi mfululizo, yakasoma 1,400. Maji ya bahari husoma zaidi kidogo ya 50,000, kwa hiyo sehemu moja yake katika mia yatosha kuongeza kama 500, na hiyo ndiyo ziada tuliyoiona. Katika ardhi ya mawe ya matumbawe maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na pampu inapovuta kwa nguvu, yale ya chini hupanda kufidia. Tulipoigawa kazi ya pampu ikawa muda mfupi asubuhi na muda mfupi jioni, nambari ya alasiri ilishuka. Hapo ndipo fadhila ya mita ilipodhihirika kwangu: hubainisha mabadiliko, almuradi uandike tarehe, saa na muda ambao pampu ilikuwa ikivuta.

Walakini katika nyumba hiyo hiyo kuna birika la maji ya mvua, nayo husoma 60 tu. Mgeni atadhani kwamba haya ndiyo maji salama zaidi, na hasha, mita haikusema hivyo. Vinyesi vya ndege vilivyo juu ya bati huingia birikani na vijidudu vyake, na kijidudu hakiongezi upitishaji wa umeme kwa kiasi cha kuonekana. Hata vya kipindupindu vyaweza kuwamo na nambari isitikisike. Kadhalika dawa za mimea nyingi hazipitishi umeme, na risasi hudhuru kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kutambulika katikati ya chumvi za kawaida. Floridi, inayowasumbua watu wa Arusha na kandokando ya Mlima Meru, imewekewa na Shirika la Afya Duniani kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kiasi hicho kikizidi maradufu, nambari huongezeka kwa vipimo vichache tu vya µS/cm, na siku moja ya mvua yaweza kuibadilisha zaidi ya hapo.

Shirika hilo husema kwamba maji yasiyozidi TDS ya miligramu 600 kwa lita aghalabu huwa na ladha nzuri, na yanayopita 1,000 huanza kuchukiza. Hayo ni maneno ya ladha, si ya afya. Kwa hiyo maji ya birika twayachemsha kabla ya kunywa ijapokuwa nambari yake ni ndogo, na ya kisima twayapeleka maabara yakapimwe vijidudu, kwa kuwa hata katika siku zake za 900 mita haina habari navyo.