Hisa haziwezi kugawanywa zikiwa viti

*Nimeombwa kuhutubia kikundi chetu cha hisa hapa Bariadi, tuko 30, ili tuanze kukodisha viti vya shughuli. Wenzangu wanaogopa kupoteza akiba. Niseme nini?*
*Mama wa Bariadi*

Dada, woga wao una msingi. Mwisho wa mzunguko kila mtu anataka hisa zake taslimu, na kiti cha plastiki hakigawanyiki. Kwa hiyo anza hotuba yako hapo hapo: mfuko wa hisa hautaguswa. Mradi uwe na mchango wake, daftari lake na sanduku lake.

Kisha wape hesabu. Tuseme kiti ni shilingi 15,000. Viti 50 ni 750,000, yaani 25,000 kwa kila mama. Mkikodisha kwa 300 kila kiti, shughuli moja inaleta 15,000, na mtaji unarudi baada ya shughuli 50, kabla ya usafiri na viti vilivyovunjika. Usiwafiche hilo. Harusi huongezeka pamba ikishauzwa, kwa hiyo nunueni kabla ya Mei.

Kinachoua miradi hii ni viti vya bure kwa wanachama. Kubalianeni bei ya mwanachama, hata 200, na avihesabu anayevipokea akiwa na mkodishaji. Viti vikitoka mara nyingi kuliko pesa inavyoingia daftarini, itisheni kikao wiki hiyo hiyo.

Mkitaka mkopo wa halmashauri usio na riba, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kununua chochote.