Kubadilisha Akaunti ya Mshahara: Hatua za Mfanyakazi na Ukaguzi wa Mwajiri

Tuchukue mfano wa muuguzi anayetaka mshahara wake uhamishwe kutoka benki moja hadi nyingine. Anaandika barua kwa ofisi ya rasilimali watu, anaitia sahihi, na kutaja namba yake ya mfanyakazi, akaunti ya zamani na akaunti mpya. Anaambatanisha nakala ya kitambulisho pamoja na barua ya benki mpya inayoonyesha jina lake, tawi na namba ya akaunti. Kama ana mkopo unaolipwa kupitia mshahara, huenda akahitajika kuleta barua ya benki ya zamani inayokubali uhamisho huo.

Barua hiyo anaipeleka mwenyewe, mapema kabla ya orodha ya malipo ya mwezi kufungwa. Akichelewa, mshahara wa mwezi huo utaingia akaunti ya zamani. Kwa hivyo haifai kuifunga akaunti hiyo hadi mshahara wa kwanza uonekane kwenye akaunti mpya.

Sasa tuseme ombi limekuja kwa baruapepe: "Nimebadilisha benki, tafadhali tumieni akaunti hii kuanzia mwezi huu. Niko kazini, sitaweza kupokea simu." Jina ni la muuguzi yule yule, lakini anwani ya baruapepe ina herufi moja zaidi. Hivyo ndivyo matapeli hujaribu kuelekeza mshahara wa mtu kwingine.

Karani wa mishahara hapaswi kujibu ujumbe huo wala kupiga namba iliyoandikwa ndani yake, kwa maana atakayejibu ni tapeli mwenyewe. Anafungua faili ya mfanyakazi na kupiga namba iliyokuwepo kabla ya ombi kufika. Kama namba ya simu nayo ilibadilishwa majuzi, au simu haipokelewi, mfanyakazi aitwe ofisini na kitambulisho chake. Hadi hapo, akaunti ya zamani inabaki ilivyo.

Ombi likithibitishwa, karani mmoja anaingiza akaunti mpya na afisa mwingine anaikagua kwa kuilinganisha na barua ya benki kabla ya kuidhinisha. Jina kwenye akaunti lilingane na jina la mfanyakazi. Akaunti ya mume, mke au rafiki isikubaliwe kwa maneno matupu. Kisha ofisi inamtumia mfanyakazi ujumbe kwa namba yake ya zamani kumjulisha kuwa badiliko limefanywa.

Mfanyakazi asiyeomba badiliko lolote akipata ujumbe kama huo, au mshahara ukikosa kuingia, aiarifu ofisi ya mishahara siku hiyo hiyo. Ofisi nayo iiombe benki kuzuia fedha hizo kabla hazijatolewa, na kisa kiripotiwe kituo cha polisi ili kupata namba ya OB.