TUKAGUE WASTANI WA PAMBA: KATIKATI YA KUNDI NI WAPI?

Chukua daftari na penseli. Leo tutakagua hesabu ambayo mara nyingi husomwa mkutanoni, watu wakaitikia kwa kichwa, kumbe ina kosa. Ni hesabu ya wastani inayotolewa kwenye jedwali la makundi.

Tuchukue mfano wa wakulima 40 wa pamba katika kijiji cha karibu na Kharumwa, Wilaya ya Nyang'hwale. Namba tumezitunga wenyewe ili zipigike kwa urahisi. Kila mkulima amepima pamba yake kwenye mizani. Karani hakuandika kilo za mtu mmoja mmoja ubaoni, bali aliwaweka watu katika makundi hivi:

Kilo 100 hadi chini ya 200: watu 8
Kilo 200 hadi chini ya 300: watu 15
Kilo 300 hadi chini ya 400: watu 9
Kilo 400 hadi chini ya 500: watu 5
Kilo 500 hadi chini ya 600: watu 3

Kisha karani akasoma: "Wastani ni kilo 350 kwa mkulima." Kwa wastani huo wanachama wanataka kuamua kiasi cha dawa ya wadudu watakachokopa, ambacho kila mtu atakatwa wakati wa kuuza. Basi si jambo dogo. Wastani ukiwa mkubwa kuliko ukweli, mkopo nao utakuwa mkubwa kuliko pamba.

Sasa tufanye hesabu sisi wenyewe. Katika kundi la kwanza hatujui nani alileta kilo 110 na nani 190. Kwa hiyo tunachukua namba ya katikati ya kundi imsimamie kila mtu wa kundi hilo. Tunaipata kwa kujumlisha mwanzo na mwisho wa kundi, kisha tunagawa kwa 2. Hapa 100 na 200 ni 300, nusu yake ni 150. Makundi mengine yanatoa 250, 350, 450 na 550.

Tunazidisha kila katikati kwa idadi ya watu wake:

150 mara 8 ni 1,200
250 mara 15 ni 3,750
350 mara 9 ni 3,150
450 mara 5 ni 2,250
550 mara 3 ni 1,650

Jumla ni kilo 12,000. Gawa kwa watu 40, unapata wastani wa kilo 300. Karani alisema 350! Kilo 50 za ziada zimetoka wapi?

Tukitazama daftari lake tunaona kwamba badala ya 150, 250, 350 aliandika 200, 300, 400, 500 na 600. Alichukua mwisho wa kundi akadhani ndiyo katikati. Kila mkulima ameongezewa kilo 50 za hewa. Zidisha kwa watu 40, ni kilo 2,000 za pamba ambazo hazijawahi kupanda mizani.

Kosa hili hugundulika hata bila kuliona daftari. Hebu fikiri: kama kila mtu angekuwa mwanzoni kabisa mwa kundi lake, wastani ungekuwa 250. Kama kila mtu angekuwa karibu kabisa na mwisho wa kundi, wastani ungekaribia 350 bila kuifikia, maana jedwali linasema "chini ya". Basi wastani wa kweli hauwezi kuwa 350, hata tungewapanga watu namna gani. Halafu kuna daftari la mizani. Jumla yake ikiwa, tuseme, kilo 11,860, iko karibu na 12,000 yetu, wala hatuna wasiwasi. Hazitalingana kabisa, kwa sababu katikati ya kundi ni makisio tu. Lakini 14,000 ya karani iko mbali mno.

Sasa tumtafute mkulima wa kati. Tukiwapanga watu wote kuanzia mwenye pamba kidogo, nusu ya 40 ni 20, kwa hiyo tunamtafuta mtu wa 20. Kundi la kwanza lina watu 8, yeye hayumo. La pili linafikisha watu 23, basi yumo humo. Toa 8 katika 20, unabaki na 12. Yeye ni wa 12 kati ya watu 15 wa kundi hilo, na kundi lina upana wa kilo 100. Gawa 12 kwa 15, zidisha kwa 100, unapata 80. Jumlisha na 200 ya mwanzo wa kundi: kilo 280.

Umeona jambo hapo? Hatukutumia katikati ya kundi hata mara moja. Tumetumia mwanzo wa kundi, upana wake na idadi ya watu. Ndiyo maana kosa la karani haliigusi namba hii. Wastani wake ukipanda hadi 350, mtu wa kati anabaki pale pale 280. Hata wastani sahihi wa 300 umevutwa juu na wale watu 3 wenye pamba nyingi. Nusu ya wakulima hawakufikisha kilo 280, na sisi tungependa namba hiyo isomwe mkutanoni kabla ya kuamua mkopo.

Imebaki namba ya tatu, kipimo cha mtawanyiko. Hiki huonyesha watu wako mbali kiasi gani na wastani. Kwa kila kundi tafuta tofauti kati ya katikati yake na 300, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa idadi ya watu. Kundi la kwanza: kutoka 150 hadi 300 ni 150. 150 mara 150 ni 22,500, mara watu 8 ni 180,000. Ukimaliza makundi yote, jumla ni 540,000. Gawa kwa 40, ni 13,500. Tafuta kipeuo chake cha pili, hata kwa kikokotoo cha simu, ni kama 116. Maana yake, wakulima wengi wako kati ya kilo 184 na 416. Kwa jedwali letu ni kama watu 26.

Hapa pana mtego. Ukirudia hesabu hii kwa namba za karani, utapata 116 ile ile! Kila katikati imesogea kilo 50, na wastani umesogea 50, kwa hiyo tofauti hazikubadilika. Usiseme basi kwamba kwa kuwa mtawanyiko ni sawa, wastani nao ni sawa.

Ni tofauti karani akikosea kundi moja tu. Tuseme ameandika 405 mahali pa 450. Wastani unashuka hadi 294 na mtawanyiko hadi 110. Namba zote mbili zinaonekana za kawaida tu, huwezi kushtuka. Dawa yake ni kusoma safu ya katikati kutoka juu hadi chini: 150, 250, 350, 405, 550. Makundi yenye upana sawa lazima yaruke sawasawa. Hapa mruko mmoja ni 55 na unaofuata ni 145. Kosa limejitokeza.

Mwisho, angalia ni kitu gani kinachohesabiwa. Kundi la "10 hadi 14" kwa mbuzi lina katikati ya 12, maana hakuna nusu ya mbuzi zizini. Kwa umri sivyo. Katika Sensa ya 2022 umri uliandikwa kwa miaka iliyotimia, na mtoto wa miaka 14 na miezi 11 ni wa miaka 14. Kundi hilo linaanza 10 na kuishia pale anapotimiza 15, kwa hiyo katikati yake ni 12 na nusu. Ukiandika 12, na makundi mengine vivyo hivyo, wastani wa umri utapungua kwa nusu mwaka, na mtawanyiko hautakuambia kitu.