SOMO LA WAFANYAKAZI: KURUDI KUTOKA UARABUNI NA KUMPIMA MWAJIRI

Ndugu wafanyakazi, tangu serikali ya Uganda ilipotoa kanuni za kupeleka wafanyakazi nchi za nje, mwaka 2005, wenzetu wengi wamekwenda Iraki, Dubai, Saudia na Katari. Sasa wengi wanarudi, na kila mmoja anauliza swali lile lile: ni tajiri gani wa hapa Kampala atakayeithamini kazi niliyoifanya huko?

Wazoefu wa ulinzi na wa kazi za nyumbani wana shida zao, nazo zinataka somo la peke yake. Leo tumshike dereva wa foklifti, kwa kuwa mashine hiyo tunayo pia katika viwanda vya Namanve, Ntinda na Nalukolongo, na katika maghala ya sukari. Tuseme ndugu huyu amefanya kazi miaka sita katika ghala kubwa la Jebel Ali, Dubai, na amerudi na leseni ya kule.

Jambo la kwanza ni karatasi, nazo hutafutwa kabla ya kupanda ndege. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, bila malipo, akikiomba. Cheti hicho kinataja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mshahara wa mwisho. Taabu ni kwamba wengi wetu viza zilituandika "kibarua" au "msaidizi" hata kama tuliendesha mashine kutwa nzima. Cheti kikifuata maneno ya viza, miaka sita ya udereva inageuka miaka sita ya kubeba maboksi. Kwa hiyo omba kiandike kazi uliyoitenda kweli, na aina ya mashine. Wakikataa, mwombe msimamizi wa ghala akuandikie barua yenye mhuri.

Aliyekwisha kurudi bila karatasi hiyo bado ana njia. Kwa miaka mingi Idara ya Mafunzo ya Viwanda (DIT), yenye makao Lugogo, imewapima watu waliojifunza kazi kwa mikono yao bila kupitia shule, na kuwapa hati. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imezipanga upya bodi za mitihani, basi ulizeni kwanza ofisi gani inapima kazi yenu na kwa ada gani, kabla ya kumpa mtu yeyote fedha njiani.

Sasa tuje kwa mwajiri mwenyewe. Wengi hutazama kama tajiri amefurahi kusikia jina la Dubai. Furaha hiyo haina bei. Tazameni anauliza nini. Dereva wetu alizoea mashine mbili. Moja ni foklifti ya kawaida, yenye uzito nyuma wa kusawazisha mzigo. Nyingine ni ile ya umeme ya kwenye rafu ndefu, inayopita katika njia nyembamba na kusukuma uma wake mbele mpaka ndani ya rafu, juu mita nane au zaidi. Ustadi huu wa pili ndio uliomchukua miaka kuupata. Lakini ghala linalopanga magunia chini sakafuni halina kazi nao, na tajiri wa ghala hilo hawezi kuulipia hata akiwa mtu mwema. Basi kabla ya kuzungumza mshahara, ombeni kuliona ghala. Kama rafu hazipo, mnauza kitu ambacho mnunuzi hana pa kukiweka.

Pakiwa na rafu, sikilizeni maswali. Msimamizi anayejua kazi atakupeleka kwenye mashine na kukuuliza habari za kibati cha uwezo. Kibati hicho kinaonyesha uzito ambao mashine inaweza kuinua, kwa kimo gani, na mzigo ukiwa umbali gani kutoka kwenye uso wa uma. Mara nyingi umbali huo ni milimita 500 mpaka katikati ya mzigo. Mashine ya tani mbili na nusu haiinui tani mbili na nusu kila mahali. Palati ikiwa ndefu, au rafu ikiwa juu sana, uwezo unapungua, na asiyejua hilo huipindua mashine. Msimamizi akikupima hivyo, na kukuacha uweke palati juu mara tatu au nne mbele yake, huyo anatafuta ustadi. Mwingine hutazama mihuri ya pasipoti, anacheka, na kusema, "Kesho anza." Na kama kibati chenyewe kimebanduka na hakuna anayejali, fahamuni kwamba siku ya ajali lawama itamwangukia dereva "aliyetoka Dubai".

Haya, tuseme ndugu yetu amepata sehemu mbili. Hesabu tunazotoa ni za mfano tu. Ghala la kwanza linamwahidi shilingi 28,000 kwa siku, kupitia wakala, bila mkataba. Anazidisha kwa siku 25 na kuona 700,000. Kiwanda cha pili kinatoa 620,000 kwa mwezi, kwa barua ya kuajiriwa, katika ngazi ya dereva wa mashine. Wengi wangekimbilia la kwanza, hasa mtu aliyezoea kuhesabu dirhamu.

Lakini kibarua hulipwa siku aliyoitwa. Mwezi wa kazi chache akiitwa siku 15, anapata 420,000. Kule kiwandani, akiba ya NSSF inamkata asilimia 5, yaani 31,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10, yaani 62,000. Kwa hiyo 93,000 zinaingia kwa jina lake kila mwezi, na mshahara unaobaki kabla ya kodi ni 589,000. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri analazimika kulipa NSSF, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Anayesema "sisi hapa hatukati" anakuficha zile 62,000.

Kumbukeni pia kwamba kima cha chini cha mshahara kilichowekwa nchini mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Sheria haitamlinda mzoefu kwa upande huo. Kinachomlinda ni ngazi iliyoandikwa, na mapatano ya chama pale chama kilipo. Ndiyo maana neno "dereva wa mashine" katika barua lina uzito kuliko sifa za mdomo: likiandikwa "kibarua wa ghala", nyongeza zote zitafuata ngazi ya kibarua.

Kuna mtego mmoja tunaousikia mara kwa mara matawini. Tajiri anasema, "Uzoefu wako ni wa nje, kwanza tukujaribu." Kujaribiwa si kosa. Lakini sheria ya ajira ya mwaka 2006 inaweka mwisho wa majaribio kuwa miezi sita, na kuongezwa hakuwezi kuzidi sita mingine, tena kwa kukubali kwako. Hairuhusu kumwanzisha mtu yule yule majaribio mara ya pili. Naye kibarua hawezi kuwekwa hivyo zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Anayemwachisha mtu mwezi wa nne na kumrudisha wa tano anaikimbia kanuni hiyo. Andikeni tarehe zenu.

Na kabla ya kutia sahihi, simameni langoni wakati wa kubadilishana zamu. Waulizeni wafanyakazi kama yuko mwingine aliyetoka Uarabuni miaka miwili au mitatu iliyopita, na sasa anafanya nini. Kama bado anaendesha mashine na ngazi imepanda, mmepata jibu. Kama amerudishwa kubeba magunia, au aliondoka baada ya miezi minne, hilo nalo ni jibu. Kisha ipelekeni barua kwa katibu wa tawi ailinganishe na mapatano ya chama, mstari wa ngazi kwanza, mshahara baadaye.